Saa zao si zangu, na benki yangu hawaijui: niwaandikie nini?

*Mshauri,*

*Nimepata kazi ya kuhariri manukuu ya video kwa kampuni iliyoko New York. Naanza Jumatatu, tarehe 5 Oktoba 2026, kwa mkataba wa kujitegemea, dola 1,200 kwa mwezi. Kazi ni ya saa nane kila siku, na nne kati ya hizo wanataka ziangukie ndani ya muda wao wa ofisi, yaani 9:00 hadi 17:00 kwa saa za kwao. Mimi niko kwenye saa za Afrika Mashariki. Wameniomba niwaandikie ujumbe mmoja tu: nitapatikana saa ngapi, na malipo yanifikie kwa njia gani.*

*Kwenye usaili nilisema niko tayari saa yoyote. Sasa nimepiga hesabu nikaona naweza kujikuta niko kazini hadi usiku wa manane, na nina mtoto wa kuamsha alfajiri. Fomu yao ya malipo inadai routing number na IBAN; benki yangu inasema haina vyote viwili. Akaunti niliyo nayo ni ya fedha za hapa nyumbani. Binamu yangu anayeishi Marekani anasema walipe kwake, naye atanitumia. Naogopa nikiuliza mengi wataniona msumbufu wamchukue mwingine. Niandike nini, na ninyamazie nini?*

*Mwenye Saa Mbili Ukutani*

---

Mwenye Saa Mbili Ukutani,

Tuanze na hilo la "saa yoyote", maana naona ndilo linalokukaba koo. Unalichukulia kama ahadi uliyokwisha kuitoa na sasa unatafuta namna ya kuivunja kwa adabu. Lakini wao baada ya usaili wamekuuliza tena utapatikana lini. Mtu aliyeridhika na "saa yoyote" hana haja ya kuuliza. Huenda waliisikia kama dalili ya utayari tu, na sasa wanataka namba za kuweka kwenye kalenda. Ukiwapa namba hujarudi nyuma, umejibu walichouliza.

Na namba zenyewe si mbaya kama zilivyokutisha. Wewe uko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya marejeo ya dunia, mwaka mzima. New York inabadilisha saa mara mbili kwa mwaka: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba iko UTC-4, na miezi iliyobaki iko UTC-5. Kwa hiyo siku utakapoanza kazi, tofauti yenu itakuwa saa saba. Tarehe 1 Novemba 2026 wanarudisha saa nyuma, na kuanzia Jumatatu tarehe 2 tofauti inakuwa saa nane, hadi tarehe 14 Machi 2027. Maana yake siku yao ya ofisi, ambayo Oktoba kwako ni 16:00 hadi 00:00, wiki nne tu baadaye itakuwa 17:00 hadi 01:00. Huo usiku wa manane uliouona kwenye hesabu ni mkia wa siku yao nzima. Wao hawajaomba siku nzima, wameomba saa nne, na hawajasema ni nne zipi. Hapo ndipo una nafasi ya kuchagua kabla hawajakuchagulia.

Chukua mfano wa 17:00 hadi 21:00 kwa saa zako, yaani saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Oktoba hiyo ni 10:00 hadi 14:00 kwao. Novemba ni 9:00 hadi 13:00. Misimu yote miwili saa zako nne zinabaki ndani ya ofisi yao, nawe unafunga kompyuta saa tatu usiku mwaka mzima.

Ila kuna jambo mfano huo unalificha. Saa zikisogea, mikutano yao haitakufuata wewe. Ikiwa kikao cha timu ni 13:00 ya New York, Oktoba utakiingia saa 20:00 na kitakuwa ndani ya muda wako. Novemba kitakuwa 21:00, yaani kinaanza dakika ile ile unayotaka kufunga. Kikao cha 9:30 ya New York kinafanya kinyume chake: Novemba ni 17:30 na hakina shida, lakini Oktoba ni 16:30, kabla hujaingia. Ukiangalia vizuri, kwa mpango huu muda ulio salama kwa vikao mwaka mzima si saa nne bali ni tatu, kati ya 10:00 na 13:00 ya New York. Kikao cha saa moja kisianze baada ya 12:00 yao. Sentensi hiyo moja ikiwemo kwenye ujumbe wako, utakuwa umezuia malalamiko ya Novemba ukiwa bado Septemba.

Njia ya pili ni kufunga muda wako kwenye saa yao. Unasema utapatikana 9:00 hadi 13:00 ya New York daima, na wewe ndiye unayesogea: 16:00 hadi 20:00 wakati wa kiangazi chao, 17:00 hadi 21:00 wakati wa baridi. Timu inaipenda hii kwa sababu kwao hakuna kinachobadilika. Gharama yake inakuangukia wewe na yeyote anayetegemea ratiba yako jioni. Kama kuna mtu anakushikia mtoto kwa mpango maalumu, yeye naye atasogezwa mara mbili kwa mwaka. Unaijua jioni ya nyumba yako kuliko mimi, kwa hiyo sitakwambia ipi ni bora. Nakuomba tu uichague ukijua kwamba hizi ni ahadi mbili tofauti, hata kama Novemba hadi Machi zinafanana kabisa.

Kuna swali jingine ambalo hukuniuliza: zile saa nne za peke yako utazifanya lini? Ukizianza saa tatu asubuhi, unapata pengo la saa nne mchana kabla ya zamu ya jioni. Wengi huliona pengo hilo kama mapumziko, kisha linaliwa na shughuli za nyumbani, na siku ya kazi ya saa nane inakuwa ya saa kumi na mbili. Ukizianza saa saba mchana na kuunganisha hadi saa tatu usiku, asubuhi yote inabaki yako. Kampuni haihitaji kujua umeamua lipi. Inahitaji kujua kazi ya siku itakuwa imewekwa mahali pake saa ngapi, kwa hiyo ndilo la kuandika.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe wa saa, kwa sababu hapa watu wanaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Mdomo unasema saa nne usiku, simu inaonyesha 22:00, na vidole vikiwa na haraka vinaandika 4:00. Kwa hiyo andika kwa mtindo wa saa 24, na baada ya kuandika lisome kila tarakimu ukilinganisha na simu yako. Kosa likitokea, ukubwa wake hukwambia chanzo. Mmepishana kwa saa sita kamili? Umeandika saa za Kiswahili. Mmepishana kwa saa kumi na mbili? Mtu amechanganya asubuhi na jioni, na kwa kawaida ni pale kwenye 12:00. Mmepishana kwa saa moja? Ni mabadiliko ya msimu, au mtu ameandika EST, saa yao ya baridi, wakati New York iko kwenye EDT, saa yao ya kiangazi. Hilo la mwisho hata wenyeji hulikosea, kwa hiyo wewe andika "saa ya New York" au ET tu, ambayo ni sahihi misimu yote. Kwenye kalenda ya kompyuta weka vikao vyao chini ya `America/New_York`, na saa yako iwe `Africa/Nairobi`. Usiweke kikao kwa kuandika UTC-4, kwa sababu namba hiyo haijui kwamba Novemba inakuja. Tarehe nazo ziandike kwa jina la mwezi, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi: 05/10 kwao ni tarehe 10 Mei.

Upande wa fedha naona umeifikiria fomu ile kama mtihani ulioufeli. Si hivyo. Routing number ni namba ya tarakimu tisa ya benki za Marekani. IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, inatumika zaidi Ulaya na katika nchi nyingine kadhaa, na Marekani kwenyewe haitumiki. Fomu inayodai vyote viwili kwa pamoja imetengenezwa bila kumfikiria mtu wa nchi yako, na mhasibu anayeisimamia huenda hajui. Jambo la hatari ni kujaza chochote ili mradi nafasi isibaki wazi. Watu huweka tawi la benki kwenye nafasi ya routing number, au namba ya akaunti kwenye nafasi ya IBAN. Mara nyingine mfumo unakubali, fedha zinatumwa, zinazunguka wiki nzima, kisha zinarudi kwa kampuni zikiwa zimekatwa ada njiani. Baada ya hapo ndipo wanaanza kukuona msumbufu.

Benki yako ina kitu kingine: msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa, wenye herufi na tarakimu 8 au 11. Huo pamoja na namba ya akaunti, jina lako kamili kama lilivyo benki, anwani yako na anwani ya benki, ndivyo vinavyotosha kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki ya nje. Nenda benki uombe maelekezo ya kupokea dola kutoka nje, kwa maandishi. Uliza hasa kama wana benki ya kupitishia iliyoko Marekani, kwa sababu benki nyingi ndogo hazipokei dola zenyewe. Zinapokelewa kwanza na benki nyingine kwa niaba yao, na jina na msimbo wa benki hiyo vinatakiwa kwenye fomu. Mstari huo ukikosekana malipo hukwama, na mtumaji haoni kosa lolote upande wake.

Waulize pia kuhusu akaunti ya dola. Akaunti yako ya sasa inaweza kupokea malipo hayo, lakini dola zitageuzwa siku ile ile zinapoingia, kwa kiwango ambacho benki imejipangia. Ukiwa na akaunti ya dola zinakaa dola hadi uamue. Inaweza kuwa na ada ya mwezi au kiwango cha chini cha kuachwa ndani, kwa hiyo usiifungue kabla ya kulinganisha ada hizo na kile unachopoteza kwenye kubadilisha.

Kuhusu ada za njiani, kuna herufi tatu ambazo mhasibu wao atazichagua kwenye skrini, pengine bila kufikiri. OUR maana yake mtumaji analipa ada zote. SHA maana yake mnagawana: yeye analipa za benki yake, wewe unakatwa zinazobaki. BEN maana yake zote zinakatwa kwako. Tuseme wametuma 1,200 kwa SHA, benki ya kupitishia ikachukua 25, na benki yako ikachukua 10. Unaingiziwa 1,165. Wakikulipa kila wiki 300, makato hayo hayo ya 35 yanajirudia mara nne, na mwezi unapoteza 140. Ndiyo maana kwa kiasi kama chako malipo ya mara moja kwa mwezi yana faida, hata kama malipo ya kila wiki yanavutia kwa mtu anayeanza. Na OUR iombe, lakini usiihesabu kama dhamana. Mara nyingine benki ya katikati hukata hata hivyo.

Chaguo la pili ni akaunti ya mtandaoni ya sarafu nyingi, kama zile za Payoneer au Wise, inayoweza kukupa namba za akaunti ya Marekani kwa jina lako. Hapo ile routing number ya fomu inapatikana kihalali, na kampuni inakulipa kwa ACH, mfumo wa malipo ya benki wa ndani ya Marekani, kama inavyomlipa mtu wa mtaani kwake, bila foleni ya benki za katikati. Mhasibu atafurahi. Lakini huduma wanazotoa hutofautiana nchi kwa nchi, na kuna nchi ambako akaunti ya PayPal, kwa mfano, inaruhusu kutuma tu na si kupokea. Fungua akaunti, pita uhakiki wa kitambulisho, na hakikisha unaweza kuzitoa fedha hadi kwenye benki yako, kabla hujaitaja kwenye ujumbe. Uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa, na ukigoma mwezi ukiwa umeisha, mshahara unakaa nje ya mlango. Angalia pia kama namba walizokupa zinapokea ACH pekee au na malipo ya moja kwa moja ya benki, yale wanayoyaita wire. Zipo zinazokubali aina moja na kurudisha nyingine.

Kisha yuko binamu. Sina sababu ya kumshuku, na najua kumkatalia ndugu aliyenyoosha mkono si jambo jepesi. Ila tuitazame njia hiyo kwa macho ya kampuni. Mkataba una jina lako, ankara ina jina lako, lakini fedha zinaomba kwenda kwa mtu mwingine. Kwa mhasibu, huo ni mfano wa kitabuni wa ulaghai, na wengi watasimamisha malipo hapo hapo. Wakikubali, watamtaka binamu ajaze fomu ya kodi ya mkazi wa Marekani, na kwenye kumbukumbu zao kipato kitasomeka cha kwake. Yeye ndiye atakayeulizwa na mamlaka ya kodi kuhusu dola 14,400 za mwaka ambazo hakuzifanyia kazi, nawe hutakuwa na karatasi inayoonyesha ulilipwa. Benki yake nayo inaweza kuuliza kwa nini kila mwezi fedha zinaingia na kutoka siku ile ile. Na siku ukichelewa kutumiwa, utaulizana na nani? Labda bado utaona ni njia ya kuanzia wakati akaunti zako hazijawa tayari. Basi izungumzeni na binamu yote haya kwanza, na kampuni ijue wazi na ikubali kwa maandishi. Anaweza kukufaa kwa namna nyingine pia: yeye ni mtu anayeweza kukueleza ACH inavyoonekana upande wa pili, na hilo halimgharimu kitu.

Fomu ya kodi ya kwako wewe ni nyingine. Kwa mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa Marekani ni `W-8BEN`, na inapelekwa kwa kampuni, si serikalini. Unajaza jina, uraia, anwani ya makazi, namba yako ya mlipakodi na tarehe ya kuzaliwa, unasaini. Inawaeleza kwamba wewe si mtu wa Marekani. Nawe kwenye ujumbe unaongeza kwamba kazi yote utaifanyia nje ya Marekani, jambo ambalo lina uzito kwa sababu kipato cha kazi iliyofanywa nje hakihesabiwi kuwa kimetoka Marekani. Ukiisaini mwaka 2026, kwa kawaida inafaa hadi tarehe 31 Desemba 2029, mradi hali yako haijabadilika. Kuitaja kabla hawajaiomba kunampunguzia mhasibu barua moja ya kuandika. Kodi ya huku kwako inabaki jukumu lako mwenyewe.

Hofu yako ya kuuliza mengi ina ukweli kidogo. Ujumbe wenye maswali kumi na mawili unachosha. Lakini kumbuka ujumbe huu utasomwa na watu wawili: msimamizi atasoma saa, kisha nusu ya pili ataipeleka kwa mhasibu. Uandike ili uweze kukatwa katikati bila kupoteza maana, na kila nusu iwe na swali moja au mawili yanayohitaji jibu. Hivi, kwa mfano, ukiwa tayari umeshafungua akaunti, na kwa lugha mnayotumia nao:

> Asanteni kwa ofa. Haya ni majibu ya mambo mawili mliyouliza.
>
> Saa: Niko UTC+3, na huku saa hazibadilishwi. Nitapatikana kwa vikao na ujumbe Jumatatu hadi Ijumaa, 17:00–21:00 kwa saa zangu. Kwa saa ya New York hiyo ni 10:00–14:00 hadi Ijumaa 30 Oktoba 2026, kisha 9:00–13:00 kuanzia Jumatatu 2 Novemba hadi Ijumaa 12 Machi 2027. Saa nne zilizobaki nitazifanya mapema, na faili za siku zitakuwa kwenye folda ya pamoja kabla ya 10:00 ya New York. Vikao vya kila wiki vikianza kati ya 10:00 na 12:00 ya New York, nitaviweza mwaka mzima. Je, kuna kikao cha lazima nje ya muda huo?
>
> Malipo: Naweza kupokea dola kwa jina langu kwa njia mbili: ACH kwenye akaunti yenye routing number, au SWIFT kwenye akaunti yangu ya dola benki. Nchi yangu haitumii IBAN. Mkitumia SWIFT, naomba ada ziwekwe OUR. Nitatuma ankara tarehe 25 ya kila mwezi. Tafadhali nijulisheni mnatumia njia ipi, na fedha hutumwa siku ngapi baada ya ankara. Nitajaza W-8BEN, kazi yote naifanyia nje ya Marekani. Namba za akaunti nitaziingiza kwenye fomu yenu, na zikibadilika siku yoyote nitathibitisha kwa simu ya video, si kwa barua pepe pekee.

Sentensi ya mwisho usiione ya ziada. Wizi mmoja unaojulikana sana ni wa mtu kuingia kwenye barua pepe za mfanyakazi, kuiandikia kampuni kwamba "akaunti yangu imebadilika", na mshahara kwenda kwake. Ukiwa umekwisha kusema hutabadilisha hivyo, umemwekea mhasibu sababu ya kusita. Na kwa upande wako, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT ni vya kupokelea, unaweza kuvitoa. Namba ya kadi, neno la siri au namba za uhakiki zinazokuja kwenye simu havihitajiki na mtu yeyote anayekulipa. Vivyo hivyo, akikutaka utume ada kwanza ili ulipwe, hiyo si kazi.

Unachoweza kunyamazia ni mtoto, usiku wa manane, na habari ya benki kukuambia haina hiki wala kile. Si aibu kuvitaja. Ni kwamba havimsaidii anayesoma kupanga chochote. Ila kama msimamizi wako ni mtu wa kuzungumza naye, huenda ukaona ni vema ajue kwa nini 21:00 ndiyo mwisho. Baadhi ya watu huheshimu mpaka zaidi wakijua sababu yake.

Jibu likirudi, litazame hilo la siku ngapi baada ya ankara. Wakisema siku 30, ankara yako ya tarehe 25 Oktoba italipwa karibu na tarehe 24 Novemba, yaani wiki saba baada ya kuanza kazi. Unaweza kuishi hivyo? Kama huwezi, muda wa kuomba siku 7 au 15 ni kabla ya kusaini. Angalia pia tofauti ya kutumwa na kufika. Wakibonyeza kutuma Ijumaa tarehe 30 Oktoba saa 16:00 yao, kwako ni 23:00, na benki yao ikiwa imepita saa yake ya mwisho, fedha zinaanza safari Jumatatu. Kutoziona Jumamosi si dalili ya kitu chochote.

Malipo ya kwanza omba yawe madogo ya majaribio kama wako tayari, kisha usome taarifa ya benki kwa makini. Upungufu ukiwa wa namba kamili, kama 15 au 25, ni ada ya njiani. Ukiwa wa asilimia, na dola zimegeuzwa, ni kiwango cha kubadilisha. Na ikipita wiki moja ya kazi tangu walipotuma kwa SWIFT bila kitu kuingia, usiwaandikie kwamba hawajakulipa. Waombe nakala ya uthibitisho wa malipo, ambayo mabenki bado huiita MT103, na namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR: ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari. Ipeleke benki kwako. Kwa namba hiyo benki nyingi zinaweza kuona fedha zimesimama kwa nani, na mara nyingi utakuta zimesimama kwa sababu jina kwenye fomu lina majina mawili, na akaunti yako ina matatu.

*Mshauri*